Mayai Sitini na Chipu Moja

Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa. Muda wote huo linataka joto la nyuzi 37.5 hivi, tena ligeuzwe mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, kisha liachwe litulie. Kuku anayeatamia anayajua hayo bila kufundishwa. Mashine ya kutotolesha vifaranga haiyajui mpaka iambiwe, na ndiyo maana ni kazi nzuri ya kwanza kwa anayejifunza elektroniki: sanduku la mbao, hita, feni, mota ya kugeuza trei, na chipu moja ya kuviamuru vyote.

Chipu hiyo ni maikrokontrola. Ndani ya kipande kimoja cheusi mna kichakataji, kumbukumbu, na pini za kusoma sensa na kuwasha vifaa. Mgeni anapokwenda kuinunua, Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, huwekewa bodi kadhaa mezani: Arduino Uno, Nano, Blue Pill, ESP32, Raspberry Pi Pico. Muuzaji akianza kutaja tarakimu, mteja huvutwa na iliyo kubwa. Chipu ya ATmega328P iliyo kwenye Uno ina kilobaiti 2 tu za RAM. Pico ina 264, na ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa dola 4 tu. Kwa hesabu ya mezani mshindi anajulikana.

Lakini mayai hayaulizi hivyo. Yanauliza joto lisomwe sawasawa, hita izimwe kwa wakati, na mashine ikumbuke leo ni siku ya ngapi. Fundi mzoefu kwa hiyo huanza na karatasi na kalamu. Anaandika kila kitu ambacho mashine itakisoma na kila itakachokiwasha, na mbele ya kila kimoja idadi ya pini kinazohitaji.

Kwa mashine ya mayai 60, sensa ya joto inachukua pini moja, rilei ya hita moja, feni moja, mota ya trei moja, kengele ya hatari moja. Vitufe vitatu vya kupangia joto na siku vinachukua pini tatu. Hapo ni nane. Inabaki skrini ya herufi 16 kwa mistari miwili, ile ya kijani au buluu inayoonekana kwenye vifaa vingi. Ikiungwa moja kwa moja inataka pini sita, na jumla inafika 14. Ikinunuliwa ile yenye kibodi kidogo kilicholehemiwa mgongoni, inazungumza kwa njia iitwayo I2C, ambayo hutumia waya mbili tu hata vifaa vikiwa vitano. Jumla inashuka hadi kumi.

Karatasi hiyo peke yake inatosha kuondoa baadhi ya bodi na chipu. ATtiny85 ni chipu ndogo, nafuu, inayopendwa sana na watu wa miradi midogo. Ina miguu minane. Miwili ni ya umeme, mmoja ni wa kuiwasha upya, inabaki mitano. Haitoshi. Uno inatoa pini 20, na mbili kati ya hizo, namba 0 na 1, hutumika chipu inapoongea na kompyuta kwa USB, hivyo busara ni kuhesabu 18. Hata kwa skrini ya pini sita kuna nafasi ya kuongeza sensa ya unyevu na swichi ya mlango baadaye. Nafasi hiyo ina faida yake, kwa sababu mradi wa kwanza hauishi kama ulivyopangwa.

Kuhesabu pini bila kuuliza kila pini inabeba nini ni nusu ya kazi. Rilei ndogo ya volti 5 iliyo kwenye bodi nyingi za bei nafuu ina koili inayovuta miliampea 70 hivi. Pini ya ATmega328P haifai kupewa zaidi ya 20 kwa kazi ya kila siku, na 40 ni kikomo ambacho kukivuka ni kuiua. Ndiyo maana rilei hununuliwa ikiwa na bodi yake yenye transista inayobeba mzigo, na pini inabaki kutoa amri tu. Pini za Pico na ESP32 hutoa volti 3.3, na hapa wengi hukwama: baadhi ya bodi za rilei na skrini zimetengenezwa kwa volti 5. Rilei inaweza kuwaka na kukataa kuzimika, na volti 5 ikirudi kwenye pini ya Pico inaweza kuiharibu. Tatizo hilo lina dawa, kwa vibadilishaji vya volti, ila kwa anayeanza ni vipande vingine vya kununua na waya zaidi za kukosea.

Kumbukumbu ndiyo inayochanganya watu kuliko yote, kwa sababu kwenye tangazo huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko tatu. Mwenye duka ana orodha ya bei iliyobandikwa ukutani, ana kikokotoo mkononi, na ana daftari la madeni. Flashi ni ile orodha: programu imeandikwa humo na inabaki hata umeme ukikatika. RAM ni kikokotoo, kinachofanya hesabu ya sasa hivi na kusahau kila kitu kikizimwa. EEPROM ni daftari, dogo, linaloandikwa mara chache, lakini kesho asubuhi liko vilevile.

ATmega328P ina kilobaiti 32 za flashi, 2 za RAM na 1 ya EEPROM. Programu ya kutotolesha vifaranga, pamoja na maktaba za skrini na sensa, mara nyingi hutumia chini ya nusu ya hiyo flashi. Kwa hiyo anayeogopa kwamba programu yake haitaenea anaogopa mahali pasipo na tatizo. Kinachoisha ni RAM.

Kwenye chipu za familia ya AVR, maneno yote ambayo programu itayaandika kwenye skrini hunakiliwa kwenye RAM tangu mwanzo, yatumike au yasitumike. Ujumbe wa herufi 16 unakula baiti 17, kwa kuwa kuna moja ya kuonyesha mwisho. Jumbe 30, kama vile "JOTO LIMEZIDI" na "FUNGA MLANGO", zinaweza kufika baiti 510. Hiyo ni robo ya RAM yote, ambayo ni baiti 2,048. Tuseme sasa fundi akaona skrini ya herufi ni ya kizamani, akanunua ile ndogo ya OLED yenye nukta 128 kwa 64. Maktaba yake hushika picha nzima ndani ya RAM, baiti moja kwa kila nukta nane. Zidisha 128 kwa 64, gawanya kwa 8: baiti 1,024. Jumla imefika 1,534. Mawasiliano ya USB na I2C yanachukua mia tatu hivi. Zimebaki kama mia mbili kwa kazi yote iliyobaki.

Ubaya ni kwamba ripoti ya kompyuta haitamwonya. Programu ya Arduino ikimaliza kutafsiri msimbo huandika ni baiti ngapi za RAM zimetumika, na zikikaribia kujaa huongeza `Low memory available, stability problems may occur.` Lakini maktaba maarufu ya OLED, ile ya Adafruit, huomba baiti zake 1,024 baada ya chipu kuwaka, ripoti ikiwa imekwisha kuandikwa. Fundi anasoma kwamba ametumia chini ya nusu ya RAM, analala salama. Asubuhi skrini ni nyeusi, au mashine inajiwasha upya kila baada ya dakika chache, au herufi zimegeuka michoro isiyosomeka. Anabadilisha waya, anabadilisha skrini, na kosa haliko huko.

Dawa ya kwanza haihitaji kununua chochote. Ujumbe ukiandikwa `lcd.print(F("JOTO LIMEZIDI"));` badala ya `lcd.print("JOTO LIMEZIDI");`, maneno hubaki kwenye flashi na RAM inapumua. Herufi moja na mabano yake zinarudisha karibu zile baiti 510 zote. Dawa ya pili ni kurudi kwenye skrini ya herufi. Kwa mashine inayosomwa kutoka upande wa pili wa banda, herufi kubwa zenye taa nyuma zina manufaa kuliko kioo cha upana wa kidole gumba.

EEPROM watu huipita bila kuitazama, na kwa mashine hii ndiyo inayoamua. Umeme ukikatika usiku wa siku ya 13 na kurudi baada ya dakika arobaini, mayai huweza kuvumilia kupoa kwa muda mfupi namna hiyo. Chipu iliyoandika siku kwenye RAM peke yake itaamka ikidhani mayai yameingia sasa hivi. Itaendelea kuyageuza siku ya 18, ya 19, ya 20, wakati vifaranga wamekwisha kujipanga kutoka. Kwenye ATmega328P kinga yake ni mistari michache:

```
#include <EEPROM.h>
unsigned int saa;   // saa tangu mayai yaingie

void setup() {
  EEPROM.get(0, saa);
  if (saa > 504) saa = 0;  // chipu mpya husoma 65535
}

void hifadhi() {
  EEPROM.put(0, saa);      // iitwe mara moja kwa saa
}
```

Namba 504 ni saa za siku 21. Sehemu ya kuandika mara moja kwa saa ina sababu yake. Mtengenezaji anadhamini kila chumba cha EEPROM kwa maandiko 100,000. Anayehifadhi kila sekunde anamaliza dhamana hiyo kwa saa 28 hivi, kabla hata yai halijaanza kuonyesha mishipa. Anayehifadhi kila saa anatumia 504 kwa kila mzao, na mashine ikifanya mizao 17 kwa mwaka atakaa zaidi ya miaka kumi na moja.

Pico haina EEPROM ya kweli, wala ESP32 haina. Zinaiga kwa kutumia sehemu ya flashi, ambayo kwenye Pico hufutwa kwa vipande vya baiti 4,096 hata kama kinachobadilika ni tarakimu moja. Inafanya kazi, na maktaba zipo, ila kwenye ESP32 mtu akisahau kuongeza `EEPROM.commit()` hakuna kilichohifadhiwa, na atalijua hilo siku umeme utakapokatika. Kwa kazi hii, chipu yenye RAM ndogo mara 132 ina kitu ambacho kubwa haina.

Vifaa vilivyojengwa ndani ya chipu, mbali na kumbukumbu, ni vingi, na orodha ya mtengenezaji huvitaja vyote kwa fahari. Vya kutazama kwenye mradi huu ni viwili tu: kisoma volti na saa.

Tuseme fundi ana sensa ya LM35, ya bei ndogo, inayotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi. Kwenye nyuzi 37.5 itatoa milivolti 375. Kisoma volti cha ATmega328P hugawa kipimo chake katika ngazi 1,024. Kikipimia kutoka sifuri mpaka volti 5, kila ngazi ni karibu milivolti 4.9, yaani nusu nyuzi. Kwenye skrini joto litaruka 37.1, 37.6, 38.1, bila chochote katikati, na hita itawashwa na kuzimwa kwa kubahatisha. Watu hulaumu sensa. Chipu hiyohiyo lakini ina kipimo kingine cha ndani cha volti 1.1, kinachochaguliwa kwa mstari mmoja, `analogReference(INTERNAL);`, na hapo kila ngazi inakuwa milivolti 1.07, kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Ngazi ndogo hazimaanishi kipimo ni cha kweli, kwa hiyo lazima kilinganishwe na kipimajoto cha hospitali na tofauti iandikwe kwenye programu. Tena LM35 haifanyi kazi chini ya volti 4, hivyo bodi yenye volti 3.3 pekee haiwezi kuilisha. Ikiwa sensa iliyopo ni DS18B20 au DHT22, ambazo hutuma joto likiwa tayari ni tarakimu, kisoma volti hakina kazi na suala hili linaondoka mezani.

Saa nayo. ATmega328P ina kipimasaa cha ndani kisichohitaji kipande chochote cha nje, na wengine huambiwa wakitumie ili kuokoa pini mbili na kristali. Kiwandani hudhaminiwa kwa asilimia 10 tu, juu au chini. Mara nyingi huwa bora kuliko hapo, lakini asilimia 10 ya siku 21 ni siku mbili nzima. Uno hutumia kipande cha seramiki kinachokosea kwa kiasi cha nusu asilimia, sawa na saa mbili na nusu kwa mzao mzima, jambo ambalo yai halitalitambua. Anayetaka zaidi anaongeza bodi ya saa ya DS3231 yenye betri yake ndogo. Inakaa kwenye waya zilezile mbili za I2C za skrini, haili pini nyingine, na inaendelea kuhesabu umeme ukiwa umekatika.

Bei sasa. Kuna maikrokontrola ya Kichina, CH32V003, iliyopata umaarufu kwa kuuzwa chini ya senti kumi za dola. Ina kilobaiti 16 za flashi na 2 za RAM, na kwa tarakimu inaikaribia ATmega328P. Mgeni akiona hivyo anaona amepata. Ila hiyo ni bei ya chipu iliyo uchi, huuzwa vizuri kwa mkupuo, miguu yake inataka mkono uliozoea kulehemu, na haiandikwi programu mpaka kiwepo kifaa chake maalumu cha WCH-LinkE. PIC nazo, ambazo zimefundishwa vyuoni kwa miaka mingi, zinahitaji PICkit. Blue Pill kwa kawaida inataka ST-Link. Bei ya mradi wa kwanza ni bodi, pamoja na kifaa cha kuiandikia, pamoja na chipu ya pili ya akiba, maana ya kwanza huungua. Nano ya nakala ina USB yake mwilini, na hapo safu ya kifaa cha kuandikia inabaki sifuri.

Hata hiyo Nano haikosi visa. Ikichomekwa na kompyuta isione kitu kabisa, cha kwanza kutazama ni kebo: nyingi za simu hupitisha umeme wa kuchaji tu, hazina waya za data. Kebo ikiwa nzima na bado kimya, kompyuta pengine haina draiva ya CH340, chipu ya USB inayotumika kwenye nakala nyingi. Mlango ukionekana lakini programu haiingii, na kwenye skrini unajitokeza mstari huu unaojirudia,

```
avrdude: stk500_getsync() attempt 1 of 10: not in sync: resp=0x00
```

basi kwenye menyu ya aina ya kichakataji ichaguliwe `ATmega328P (Old Bootloader)`. Nakala nyingi za Nano bado zina programu ya kuanzishia ya zamani, inayoongea kwa kasi tofauti. Faida ya bodi iliyotumiwa na watu wengi iko hapa: kosa hili limekwisha kumpata mtu mwingine, na fundi wa chumba cha pili analijua jibu lake kwa kichwa.

Mizani hubadilika mara moja mahitaji yakibadilika. Mwenye kuku akitaka ujumbe simuni joto linaposhuka akiwa shambani, na banda lina waifai, ESP32 inaingia mbele ya wote, maana redio imo ndani. Karatasi ya pini inaandikwa upya, kwa kuzingatia kwamba kwenye ESP32 ya kwanza baadhi ya pini za kusoma volti, zile za kundi la ADC2, haziaminiki waifai ikiwa imewashwa. Akitaka kuhifadhi joto la kila dakika kwa mzao mzima, hizo ni namba 30,240, na kilobaiti moja ya EEPROM haina pa kuziweka.

Kwa mashine isiyo na matakwa hayo, Nano au Uno inatosha, na fundi akitaka kuwatengenezea majirani mashine nyingine anaweza kuachana na bodi na kununua ATmega328P yenyewe, ya miguu 28, ya kuchomeka kwenye soketi. Inataka kristali ya megahezi 16, kapasita mbili za pikofaradi 22, rezista ya kiloomu 10 kwenye mguu wa kuiwasha upya, na kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme. Kifaa cha kuandikia, kama USBasp, hununuliwa mara moja kwa chipu zote.

Chipu ikifika, kabla ya kuilehemu popote, huulizwa jina lake kwa amri `avrdude -c usbasp -p m328p`. Ikijibu `0x1e950f`, ni yenyewe. Ikijibu `0x1e9514` ni ATmega328 isiyo na P, yenye kumbukumbu zilezile, na inatosha kuandika `m328` kwenye amri. Ikijibu `0x1e9406` basi ni ATmega168, yenye nusu ya flashi na nusu ya RAM, hata kama mgongoni imechapwa jina jingine, na hiyo inarudishwa dukani.